Fishi inasema 4 250, mizani inasema 3 920: namna ya kutafuta kilo zilizopotea kwa tablo kruaze



Mwisho wa mwezi wa sita, pale mavuno ya msimu B yamekwisha kuingia, depo nyingi za hapa Goma zinafanya inventere. Komite inakuja na mizani, magazinie anafungua mlango, magunia yanahesabiwa, na kisha hesabu inalinganishwa na ile ambayo ordinatere inasema. Karibu kila mara hazilingani. Hapo ndipo maneno yanaanza: wengine wanamwangalia magazinie, magazinie anasema ni panya, karani anasema ni mizani, na mwisho mtu anafuta namba ya zamani na kuandika mpya ili mambo yaishe.

Katika toleo hili tunataka kuonyesha namna ya kutafuta tofauti hiyo kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Tunatumia vitu viwili vilivyomo ndani ya Excel: jedwali ambalo linajumlisha lenyewe kwa bidhaa na kwa mwezi, lile watu wanaliita tablo kruaze, na fomula ya kutafuta, RECHERCHEV. Tumechukua depo moja ya mfano. Namba tumezitunga sisi kwa ajili ya kufundisha, lakini makosa yaliyomo ni yale yale yanayotokea kila siku.

Maharagi ya depo hiyo yana kodi MAH01. Ordinatere inasema zimebaki kilo 4 250. Tarehe 29 mwezi wa sita 2024, siku ya posho, komite imepima na kupata kilo 3 920. Kilo 330 hazionekani.

Rejista moja, mstari mmoja kwa kila karatasi

Tablo kruaze haiwezi kusaidia kama rejista yenyewe imechorwa kama fishi ya ukutani, yaani ukurasa mmoja wa maharagi, ukurasa mwingine wa mahindi, na jumla katikati. Inahitaji ukurasa mmoja tu, mrefu, ambamo kila karatasi ya kuingiza au ya kutosha ina mstari wake. Kolone zake ni hizi: Tarehe, Kodi, Bidhaa, Aina, Kilo, Karatasi, Sababu. Mu kolone ya Aina tunaandika maneno mawili tu, Ingia au Toka. Mu kolone ya Karatasi tunaandika namba ya karatasi iliyosainiwa, maana ndiyo njia ya kurudi nyuma mambo yakikwama.

Usiache mstari mtupu katikati, na usiandike jumla ndani ya rejista. Jumla ikikaa kati ya mistari, tablo kruaze itaihesabu kama vile ni mzigo mwingine.

Kisha bonyeza popote ndani ya rejista, nenda `Accueil`, halafu `Mettre sous forme de tableau`. Jambo hili dogo lina faida kubwa: kila mstari mpya unaoandika chini unaingia wenyewe ndani ya jedwali. Bila hilo, mtu anatengeneza tablo kruaze juu ya mistari 200, na ule wa 201 haumo, wala hakuna alama yoyote ya kukuonya.

Inabaki kolone moja ya mwisho, tuiite Mabadiliko. Hiyo ndiyo inayojua kwamba kinachoingia ni kuongeza na kinachotoka ni kupunguza:

```
=SI([@Aina]="Ingia";[@Kilo];SI([@Aina]="Toka";-[@Kilo];"KOSA"))
```

Wengi wanaandika fomula fupi zaidi, kwamba kama si Ingia basi ni kupunguza. Sisi hatuipendi. Mtu akiandika "Ingia" na nafasi moja mwishoni, ile fomula fupi itayatosha maharagi ambayo kwa kweli yameingia, tena bila kusema kitu. Hii ndefu inaandika KOSA, na unaiona kwa macho.

Neno kwa wale ambao ordinatere yao ilinunuliwa Kampala na inasema Kiingereza: badala ya `SI` mtaandika `IF`, badala ya `RECHERCHEV` mtaandika `VLOOKUP`, badala ya `FAUX` ni `FALSE`, na mara nyingi mahali pa nukta-mkato panakuwa mkato. Fomula nyingine, kama `NB.SI` ambayo ni `COUNTIF`, na majina ya menyu navyo vitakuwa vya Kiingereza. Lakini mwangalie tarehe: ordinatere iliyopangwa kwa mtindo wa Amerika inasoma 03/06 kuwa tarehe 6 mwezi wa tatu.

Na stoki ya kuanzia je? Ile iliyokuwamo ku depo tarehe 1 mwezi wa kwanza inaandikwa kama mstari wa Ingia, na mu Sababu tunaandika "Stoki ya kuanzia". Ikisahauliwa, salio la mwaka mzima litakuwa pungufu kwa kiasi kile kile.

Kuona miezi

Sasa tengeneza tablo kruaze. Bonyeza ndani ya rejista, `Insertion`, kisha `Tableau croisé dynamique`, kubali ukurasa mpya. Upande wa kuume inatokea orodha ya kolone zako na masanduku manne. Vuta Kodi uiweke mu `Lignes`, kisha Aina chini yake. Vuta Tarehe uiweke mu `Colonnes`. Vuta Mabadiliko uiweke mu `Valeurs`.

Excel za miaka ya karibuni zinapanga tarehe kwa miezi zenyewe. Kama yako inaonyesha kila siku peke yake, bonyeza tarehe moja kwa kitufe cha kuume cha sourisi, chagua `Grouper`, na uguse `Mois` pamoja na `Années`. Usiguse `Mois` peke yake. Rejista ikishapita mwaka mmoja, mwezi wa kwanza 2023 na mwezi wa kwanza 2024 vitachanganywa kuwa kolone moja, na utaona mavuno makubwa ambayo hayakutokea. Ordinatere ikikataa kabisa kugrupa, ujue ndani ya kolone ya Tarehe kuna kitu ambacho si tarehe. Mara nyingi ni tarehe iliyoandikwa kwa nukta, kama 5.6.2024, ambayo Excel inaichukua kuwa maandishi.

Angalia pia kichwa cha namba. Kinapaswa kusema `Somme de Mabadiliko`. Kikisema `Nombre de Mabadiliko`, basi hujumlishi kilo, unahesabu mistari. Excel inafanya hivyo pale inapokuta maandishi mu kolone ya namba: lile neno KOSA, au uzito ulioandikwa "12.5" kwa nukta kwenye ordinatere ya Kifaransa ambayo inataka mkato. Usikimbilie kubadilisha `Nombre` kuwa `Somme` tu, maana ule mstari mbaya utaachwa nje ya jumla. Rudi kwanza mu rejista, uutafute, uutengeneze.

Kwa maharagi ya depo yetu, tablo kruaze inatoa picha hii. Kolone ya mwisho tumeongeza sisi ili msomaji aone salio linavyotembea:

| Mwezi, 2024 | Ingia | Toka | Salio |
|---|---|---|---|
| 1 | 6 000 | -2 500 | 3 500 |
| 2 | 900 | -2 100 | 2 300 |
| 3 | 0 | -1 400 | 900 |
| 4 | 0 | -600 | 300 |
| 5 | 1 500 | -400 | 1 400 |
| 6 | 5 200 | -2 350 | 4 250 |

Ndani ya 6 000 za mwezi wa kwanza mna kilo 1 200 za stoki ya kuanzia.

Soma hii picha kama mkulima. Mavuno ya msimu A yanaingia mwezi wa kwanza, yanauzwa taratibu, mwezi wa nne depo inakaribia kuwa tupu, kisha msimu B unaleta mengine. Ina maana. Tena inatupa jambo moja la kushika: mwisho wa mwezi wa nne zilibaki kilo 300 tu. Kwa hiyo kilo 330 zinazokosekana haziwezi kuwa zote zilipotea kabla ya hapo. Zingekuwa zimepotea, magazinie angekosa maharagi ya kutosha mwezi wa nne na watu wangelalamika. Tofauti, au sehemu yake kubwa, iko ndani ya mwezi wa tano na wa sita. Tayari tumepunguza kazi: badala ya kurudia karatasi za miezi sita, tunaanza na za miezi miwili.

Kulinganisha na hesabu ya mizani

Kwa kulinganisha tunatengeneza tablo kruaze ya pili, ndogo, kwenye ukurasa tunaouita Salio. Mu `Lignes` tunaweka Kodi peke yake, mu `Valeurs` Mabadiliko, na mu `Colonnes` hatuweki kitu. Sababu ni hii: fomula ya kutafuta inataka uiambie kolone ya ngapi. Kwenye ile tablo ya miezi, kolone ya jumla inasogea kila mwezi mpya unapoingia, na fomula yako itaanza kusoma mwezi mmoja ikidhani ni salio. Kwenye tablo ndogo, kodi ziko mu A, salio liko mu B, daima.

Ukurasa mwingine tunauita Inventere. Mu kolone A tunaandika kodi, mu B jina la bidhaa, mu C kilo zilizopimwa. Mu D2 tunaandika:

```
=RECHERCHEV(A2;Salio!$A:$B;2;FAUX)
```

Maana yake: chukua kodi iliyo mu A2, iende kuitafuta mu kolone ya kwanza ya ukurasa Salio, ikiipata irudi na kile kilicho mu kolone ya pili. Mu E2 tunaandika `=C2-D2`. Halafu tunazivuta zote chini. Alama ya kupunguza mbele ya jibu inasema depo ina pungufu. Bila alama, depo ina zaidi.

Lile neno `FAUX` la mwisho si pambo. Linasema: nataka kodi hii hii, si inayoikaribia. Ukilisahau, Excel inadhani kodi zimepangwa vizuri kwa mfuatano na inaweza kukupa salio la bidhaa jirani. Jibu litakuwa namba safi, nzuri, isiyo ya kweli.

Ikitokea `#N/A`, usikasirike, ndiyo alama ya uaminifu ya fomula hii. Inasema kodi haikupatikana. Ama kuna nafasi iliyojificha mwishoni mwa kodi, ama bidhaa hiyo haijaandikwa hata mara moja mu rejista. Kuna pia kesi ya kodi za namba tupu: 101 iliyoandikwa kama namba na 101 iliyoandikwa kama maandishi zinafanana kwa macho, lakini kwa Excel ni vitu viwili. Ndiyo maana tunapenda kodi zianze na herufi. Kitu ambacho tungeomba msifanye ni kuifunika `#N/A` kwa `SIERREUR` ili itoe sifuri. Sifuri inasema "tunajua, hakuna kitu", na `#N/A` inasema "hatujui". Komite inahitaji kujua tofauti ya hayo mawili.

Jambo la kazi yenyewe ya kuhesabu, nalo si la ordinatere. Karatasi wanayoibeba wahesabuji ku depo isiwe na kolone ya salio. Mtu akijua kwamba anatafuta 4 250, mkono wake utazipata. Wawili wahesabu, mmoja apime na mwingine aandike, na gunia zipimwe. Zisizidishwe tu mara mia. Kabla ya kuanza, karani aandike karatasi zote za mpaka saa hiyo, abonyeze `Données` kisha `Actualiser tout`, na ahifadhi nakala ya faili yenye tarehe katika jina lake. Kwenye Excel nyingi tablo kruaze haijisasishi yenyewe unapoandika mstari mpya. Wengi wamepoteza asubuhi nzima wakitafuta kilo ambazo zimo mu rejista tayari, ila hawakubonyeza `Actualiser tout`. Kama kamyo inafika toka Rutshuru katikati ya kuhesabu, mzigo wake ukae pembeni mpaka kazi iishe, na karatasi yake iandikwe baada ya ile nakala.

Kilo 330, moja moja

Turudi kwa MAH01. RECHERCHEV imeleta 4 250, mizani imeleta 3 920, kolone E inasema -330.

Hapa watu wengi wanasimama, na wanakosa kitu. RECHERCHEV inatazama upande mmoja tu: inaanza na orodha ya vitu vilivyohesabiwa na kuvitafuta mu rejista. Kitu kilichomo mu rejista lakini hakimo mu orodha ya wahesabuji haitakigusa kamwe. Kwa hiyo tunageuza swali. Kwenye ukurasa Salio, mu kolone D, mbali kidogo na tablo ili isiifunike ikikua, tunaandika mbele ya kodi ya kwanza, ambayo kwa kawaida iko mstari wa 4:

```
=NB.SI(Inventere!A:A;A4)
```

Inahesabu ni mara ngapi kodi hiyo imetokea kwenye inventere. Jibu linapaswa kuwa 1 kila mahali, isipokuwa mstari wa `Total général`, ambao utatoa 0 na hauna shida. Likiwa 2, bidhaa imehesabiwa mara mbili kwenye mistari miwili. Likiwa 0 mbele ya kodi, kuna bidhaa ambayo hakuna aliyeihesabu.

Kwa depo yetu inatokea 0 mbele ya kodi MAH1. Salio lake: -200.

Kumbe! Hakuna bidhaa ya MAH1. Kodi ni MAH01. Tena salio chini ya sifuri haliwezekani ku depo, hakuna anayeweza kutosha gunia ambazo hazikuingia. Kila mara mkiona salio la namna hiyo kwenye tablo kruaze, simameni hapo kwanza, kabla hata ya kuhesabu. Bonyeza mara mbili ile -200: Excel inafungua ukurasa mpya wenye mistari yote iliyotengeneza namba hiyo. Ni mstari mmoja, tarehe 24 mwezi wa sita, magunia mawili ya kilo mia, na namba ya karatasi ya kutosha ipo. Tunaichukua karatasi kwenye klasere: imeandikwa MAH01. Karani aliruka sifuri wakati wa kupiga. Tunatengeneza kodi mu rejista, `Actualiser tout`, na salio la MAH01 linashuka kuwa 4 050. Pungufu imebaki 130.

Sasa picha ya miezi inatusaidia tena. Mwezi wa sita kiliingia kilo 5 200, nyingi kuliko mwezi wowote ukiondoa stoki ya kuanzia, na maharagi ya mavuno mapya. Yalipimwa pale kamyo ilipofika na uzito huo ndio ulioandikwa. Kisha yalianikwa juu ya shitingi kabla ya kupangwa na kuuzwa. Kifaa cha kupima unyevu kilisoma 15 kwa mia siku ya kupokea, na 13 kwa mia baada ya kuanika. Maji yaliyoondoka yana uzito, na hakuna aliyeyaandikia karatasi.

Ni kilo ngapi? Wengi watasema 2 kwa mia ya 5 200, yaani 104. Si hivyo, kwa sababu hata ile 13 inahesabiwa juu ya uzito mpya ambao umekwisha kupungua. Njia ya hakika ni kufuata kile kisichobadilika, yaani maharagi makavu yenyewe. Kwenye 15 kwa mia ya unyevu, sehemu kavu ni 85 kwa mia: 5 200 mara 0,85 ni kilo 4 420. Baada ya kuanika, zile zile 4 420 ni 87 kwa mia ya uzito wote. Gawanya 4 420 kwa 0,87, unapata 5 080 na kidogo. Zilizoondoka ni kilo 120.

Kati ya 130 imebaki 10. Juu ya kilo 3 920 zilizopimwa gunia kwa gunia, kilo 10 ni robo ya kilo moja kwa kila mia. Hiyo ni mizani na punje zilizomwagika chini. Sisi hatungemfuata mtu yeyote kwa hiyo. Kiwango cha kukubali, hata hivyo, si sisi wa kukiweka. Mkutano mkuu wenu ukiamue, bidhaa kwa bidhaa, na uandike.

Tunaongeza onyo moja juu ya unyevu. Ukubali kuwa ni sababu pale tu ambapo namba mbili za kifaa zimeandikwa siku yake, ya kupokea na ya baada ya kuanika. Bila hizo mbili, "yalikauka" ni maneno tu, na yanaweza kufunika wizi vizuri sana. Na angalieni mwezi: kama maharagi yote yangekuwa ya mwezi wa kwanza, yaliyokauka zamani, basi kukauka kusingeeleza pungufu ya mwezi wa sita.

Depo ikiwa na zaidi

Pungufu inawashtua watu, lakini zaidi inawafurahisha, na hilo linatusumbua. Katika depo hiyo hiyo ya mfano, mbolea ya NPK ilikuwa na salio la kilo 270, na wahesabuji wakapata 1 250. Zaidi ya 980! Hakuna mbolea inayozaa ku depo.

Gawanya 980 kwa 49: unapata 20 kamili. Hiyo ni alama. Gunia ya kilo 50 ikiandikwa kuwa 1 badala ya 50, kila gunia inaleta tofauti ya 49. Basi tunatafuta mahali ambapo magunia 20 yaliandikwa kama kilo 20. Tablo ya miezi inaonyesha haraka: mwezi wa tatu, NPK iliingia 20, pale miezi mingine inaingia kwa mamia. Bonyeza mara mbili, chukua karatasi, imeandikwa "magunia 20". Inatengenezwa kuwa 1 000, salio linakuwa 1 250, tofauti inakwisha. Kwa magunia ya kilo mia namba ya kugawa nayo ni 99. Na tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubakiza, mtafute namba mbili zilizobadilishana mahali, kama 450 iliyopigwa 540. Hizi ni dalili tu. Kinachohukumu ni karatasi iliyosainiwa.

Kuandika kilichopatikana

Makosa mawili ya karani, lile la MAH1 na lile la NPK, yanatengenezwa kwenye mstari wenyewe, kwa sababu karatasi zipo na zinasema ukweli. Lakini zile kilo 120 za kukauka na 10 zilizobaki hazina mstari wa kutengeneza. Hizo zinapewa mistari mipya: Toka 120, Sababu "Kukauka", tarehe ya kipimo cha pili, na Toka 10, Sababu "Tofauti ya inventere", tarehe 29. Mu kolone ya Karatasi inawekwa namba ya peve iliyosainiwa na wahesabuji, magazinie na komite. Kisha `Actualiser tout`, na ukurasa Inventere unapaswa kusoma 3 920 pande zote mbili.

Asiandike mtu namba mpya juu ya ya zamani ili zilingane. Ikifanywa hivyo, inventere inayofuata haitakuwa na pa kuanzia. Tangu 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria yake ya koperative inataka chombo cha kuwaangalia viongozi, konsei au komisio ya sirveyanse kulingana na aina ya koperative. Hao ndio wa kupewa nakala ya ukurasa Inventere pamoja na peve, kabla ya salio kubadilishwa.

Kolone ya Sababu ina kazi nyingine mwisho wa msimu. Mu tablo kruaze, ondoa Aina na uweke Sababu mahali pake. Mtaona, mwezi kwa mwezi, ni kilo ngapi zilienda kwa kukauka, ngapi kwa wadudu, ngapi hazijulikani. Kama kukauka kunachukua zaidi ya mia moja kila mwezi wa sita, komite inaweza kujadili bei: je, tunawalipa wanachama kwa uzito wa kamyo au kwa uzito wa baada ya kuanika? Kwa zile 5 200 za mfano wetu, koperative ililipa kilo 120 za maji.